Mazungumzo Baada ya Habari: Jaa Lipimwe Kabla ya Kufungwa



Usiku wa kuamkia tarehe 10 Agosti 2024 mvua ilinyesha Kampala, na kulipopambazuka mlima wa taka wa Kiteezi, uliokuwa ukirundikwa tangu mwaka 1996, uliporomoka juu ya nyumba za watu. Zaidi ya watu 30 walifariki, na polisi walikuwa miongoni mwa waliofukua ili kuwatoa waliofunikwa. Tangu siku hiyo neno la kufunga majaa ya wazi limesikika katika miji mingi ya Uganda, na Arua na Koboko haziwezi kuwa nje ya neno hilo. Pamoja na hoja ya usalama huja hoja nyingine, kwamba kulifunga jaa hupunguza gesi ya methani na hivyo kupunguza joto la dunia. Hoja hii ni ya kweli kwa sharti moja tu, na sharti hilo huonekana pale hesabu inapofanywa.

Methani haitoki katika chupa wala katika mifuko ya plastiki. Hutoka katika maganda ya mihogo na ndizi, mabaki ya chakula, majani ya soko, na maembe yaliyooza. Vitu hivi vikioza penye hewa hutoa kaboni dioksidi. Vikioza mahali hewa isipofika, vijidudu vya aina nyingine huvishughulikia na kutoa methani. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, kwani uvundo wa jaa ni wa gesi nyingine. Kwa muda wa miaka 100, kilo moja ya methani huongeza joto sawa na kilo 28 za kaboni dioksidi.

Hesabu huanzia langoni mwa jaa. Mji usio na mizani ya malori waweza kutumia pipa la lita 200. Pipa hujazwa taka bila kushindiliwa, hupimwa uzito, na uzito wa pipa tupu huondolewa. Tuchukue mfano kwamba taka zimekuwa kilo 70: basi mita moja ya ujazo ni kilo 350. Lori lenye bodi ya mita 6 za ujazo hubeba tani 2.1, na safari 8 kwa siku hufanya tani zipatazo 17. Kisha taka za malori machache huchambuliwa kwa mikono juu ya turubai, maganda upande huu, plastiki na udongo upande ule. Ikiwa maganda na mabaki ya chakula ni sehemu 60 katika 100, mji huo hutupa tani 10 za vitu viozavyo kila siku, au tani 3,650 kwa mwaka. Kazi hii yafaa ifanywe siku saba mfululizo, wakati wa mvua na tena wakati wa kiangazi, kwa maana taka za msimu wa maembe si taka za Januari.

Hatua ya pili hufuata mwongozo wa mwaka 2006 wa Jopo la Kiserikali la Kimataifa kuhusu Mabadiliko ya Hali ya Hewa. Katika tani moja ya mabaki ya chakula mna kilo 150 za kaboni. Nusu yake, yaani kilo 75, ndiyo huoza kwa kweli. Nusu ya gesi inayotokea ni methani, hivyo kilo 37.5 za kaboni. Na ukiongeza uzito wa haidrojeni hupatikana kilo 50 za methani. Hicho ndicho kiasi cha shimo lililoshindiliwa na kufunikwa vizuri, lisiloingiwa na hewa kabisa.

Lakini jaa la wazi lenye kina kisichofika mita 5 hupitisha hewa nyingi. Mwongozo huo hulipa sehemu 40 katika 100 tu, yaani kilo 20 kwa tani. Jaa la wazi lenye kina cha mita 5 na zaidi hupewa sehemu 80, yaani kilo 40. Kwa hiyo mtu mwenye kamba na kijiti cha kupimia kina ana neno kubwa katika hesabu hii kuliko mwenye vitabu. Yafaa pia atazame majivu, kwani taka zilizoteketea hazitoi tena methani, ingawa moshi wake una madhara yake.

Hapa ndipo penye mtego. Tuseme Koboko inalifunga jaa lake la kina kifupi, na taka zake zinasafirishwa kilometa zipatazo 55 hadi shimo refu la kisasa huko Arua, lililoshindiliwa na kufunikwa kwa udongo, lakini halina mabomba ya kuivuna gesi. Mji utakuwa safi, nzi na moshi vitapungua, na maji ya visima yatalindwa ikiwa sakafu ya shimo imezibwa. Hata hivyo, methani itapanda kutoka kilo 20 hadi kilo 50 kwa kila tani ya maganda. Afya imefaidika, hali ya hewa imepata hasara, mbali na mafuta ya malori.

Faida hupatikana pale maganda yanapozuiwa kuingia shimoni. Mwaka 2010 mradi wa mboji wa Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, uliandikishwa chini ya Mkataba wa Kyoto kwa sababu hiyo, ukianzia miji kama Jinja, Mbale, Soroti na Lira. Mboji nayo si safi kabisa: tani moja hutoa kiasi cha kilo 4 za methani na kiasi kidogo cha oksidi ya nitrojeni, jumla sawa na kilo 176 za kaboni dioksidi. Jaa fupi hutoa sawa na kilo 560. Tofauti ni kilo 384, na kwa tani 3,650 faida ni kama tani 1,400 kwa mwaka. Lakini mboji isiyopinduliwa hukosa hewa na kurudia tabia ya shimo. Rundo linalovunda ni dalili ya kutosha.

Faida hiyo haiji kwa siku moja. Katika nchi ya mvua nyingi kama Nile Magharibi, chakula kilichozikwa hupoteza takriban theluthi ya kilichobaki kila mwaka. Jaa lililofungwa leo litaendelea kutoa gesi, na baada ya miaka mitano bado sehemu 13 au 14 katika 100 zitakuwa hazijaoza. Taarifa inayodai faida yote katika mwaka wa kwanza haifai kuaminiwa.

Kambi nazo zina mashimo yao ya jikoni. Shimo refu lililofunikwa hukusanya methani, nayo ikiwa kati ya sehemu 5 na 15 katika 100 za hewa hulipuka kwa cheche. Nyasi zinazokauka juu ya udongo wa shimo la zamani wakati wa mvua huonyesha mahali gesi inapotokea. Hapo sigara na jiko viwe mbali, na nyumba ya mlinzi isijengwe juu yake.