Wasifu wa Dansa kwa Ajili ya Usaili: Mafunzo, Kazi na Ushirikiano

Mada kwa semina ya wasanii wa jukwaani

Ndugu washiriki, nianze na aya ambayo kila aliyewahi kukaa kwenye jopo la usaili ameshakutana nayo: "Ni dansa mahiri mwenye kipaji cha kuzaliwa, amecheza katika matamasha mengi ya ndani na nje ya nchi, na amefanya kazi na wasanii wakubwa." Ukiisoma mara mbili bado hujui huyu mtu anacheza nini. Jopo halichagui sifa. Linatafuta mwili utakaoziba nafasi fulani katika kazi fulani, na wasifu unasomwa kwa swali hilo.

Chukueni mfano wa The Rite of Spring ya Pina Bausch, iliyotungwa Wuppertal mwaka 1975. Kazi hiyo ilipofundishwa upya École des Sables, shule ya Germaine Acogny huko Senegal, walichaguliwa madansa 38 kutoka nchi 14 za Afrika. Ni dansi ya kundi kubwa, inayochezwa juu ya udongo uliomwagwa jukwaani, mbio na miruko kwa zaidi ya nusu saa. Kwa kazi ya namna hiyo, anayejieleza kuwa nyota wa kucheza peke yake hajajibu swali. Aliyezoea bugobogobo, akacheza na jembe mkononi ndani ya mstari unaopaswa kwenda kwa hatua moja, ana jambo la kusema. Lakini lazima aliseme, kwa sababu jopo la Ulaya au Dakar halijui bugobogobo ni nini. Maneno machache yanatosha: ngoma ya Wasukuma ya kazi ya kilimo, inayochezwa kwa kundi na majembe.

Sasa tuufanyie kazi wasifu ule wa mwanzo. Tuseme mwenyewe ni binti wa Mwanza, tumemhoji, na haya ndiyo yaliyotoka:

"Dansa wa ngoma za asili na dansi ya kisasa, makazi Dar es Salaam. Alicheza bugobogobo katika kikundi cha Mwanza kuanzia 2012 hadi 2016, kisha akasoma TaSUBa, Bagamoyo, na kupata stashahada mwaka 2019, mkazo wake ukiwa ngoma. Kwa sasa anazimudu bugobogobo, sindimba na msewe, na anapiga ngoma. Mwaka 2022 alicheza nafasi ya mama katika dansi ya watu sita, dakika 40, iliyooneshwa mara tisa. Mwaka 2023 alikuwa dansa wa akiba katika kazi nyingine, akapanda jukwaani mara mbili. Amehudhuria warsha ya siku tano ya dansi ya kisasa."

Tazameni kikundi cha Mwanza. Wengi hukiacha, wakidhani mafunzo ni yale yenye cheti tu. Miaka minne ya kucheza chini ya wazee wa ngoma ni mafunzo. Andika mahali, miaka na ulichofundishwa. Neno "kwa sasa" nalo lina uzito wake. Ngoma uliyoicheza shuleni ukaisahau haiingii humo, maana siku ya usaili unaweza kuambiwa uicheze pale pale, bila mazoezi.

Penye hatari kubwa ni ushirikiano. Kuhudhuria warsha ya mtunzi maarufu si kufanya kazi naye. Kucheza tamasha moja na bendi fulani, kila mmoja kwa zamu yake, si kushirikiana na bendi hiyo. Dunia ya dansi ni ndogo: mtunzi uliyemtaja huenda anafahamiana na anayekusaili, na simu moja inamaliza mambo. Tumieni vitenzi vya kweli: alicheza katika kazi ya fulani, alitunga pamoja na fulani, alimsaidia fulani kufundisha, alihudhuria warsha ya fulani. Dansa wa akiba aseme ni wa akiba. Mimi humheshimu, kwa kuwa amejifunza nafasi ya mtu mwingine akaweza kuishika ghafla.

Kuhusu urefu, tangazo likisema maneno 150, yawe 150. Lisiposema, msizidi hapo sana. Kazi ya karibuni na inayofanana na inayotafutwa itangulie; tuzo za shule ya msingi zibaki nyumbani. Urefu wa mwili, lugha unazozungumza na pasipoti viwekwe kwenye mstari wake chini, kama vimeulizwa.

Baada ya chai kila mmoja atoe wasifu wake na kalamu nyekundu. Naomba mpigie mstari kila sentensi ambayo dansa mwingine yeyote angeweza kuiandika kuhusu nafsi yake, kisha muifute.