Daftari la Maumivu

Leo twataka kujifunza namna ya kuandika daftari la maumivu ya kichwa na ya tumbo, yale yanayopoa na kurudi tena.

Twende Mofu, katika bonde la Kilombero. Mpunga unapokaribia kuiva, watu wengi huhamia vibandani mashambani kulinda ndege. Tumchukue mama mmoja mkulima, ambaye ni wa mfano tu kwa ajili ya somo. Tangu wakati wa kupanda, kichwa chamwuma mara kwa mara, na sasa tumbo pia. Dukani hununua vidonge vya diklofenaki. Afikapo kwa daktari huulizwa, "Kichwa chauma mara ngapi?" Naye hujibu, "Kila siku." Jibu hilo halimsaidii daktari, kwa maana mtu hukumbuka siku mbaya na kusahau siku njema.

Basi daktari akamwambia anunue daftari la shule na kuandika kwa majuma manne. Kila maumivu yakija, aandike mambo sita: tarehe na saa yalipoanza, mahali hasa, pale anapoweza kupaonyesha kwa kidole, ukali wake, kutoka 0 hadi 10, yalidumu kwa muda gani, alikula nini na saa ngapi, na dawa gani alimeza, vidonge vingapi. Aongeze lililo geni, kama kutapika, kukosa usingizi au siku za hedhi. Siku isiyo na maumivu aandike "hakuna", kwani siku iliyoachwa wazi haijulikani kama alikuwa mzima au alisahau. Asiyejua kuandika aweza kumwambia mtoto wake amwandikie jioni ile ile, si baada ya juma zima.

Hivi ndivyo alivyoandika siku moja: "Tarehe 5 Mei. Saa nne asubuhi, kichwa, paji la uso pande zote mbili, 6. Sijala. Diklofenaki kidonge 1. Saa saba, kichwa 3. Saa tisa, tumbo, chini ya kifua, lawaka kama moto, 5. Nilikula uji, likapungua."

Baada ya siku 28 daktari alihesabu. Kichwa kiliuma siku 18. Vidonge alimeza siku 17. Tumbo liliuma siku 9, na katika hizo, siku 8 zilikuwa ni zile alizomeza kidonge kabla ya kula, au kesho yake.

Daktari aliona mambo mawili. Kwanza, diklofenaki huondoa kinga ya utando wa tumbo, na yaweza kuleta vidonda. Pili, mtu amezaye dawa za namna hii siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa yenyewe yaweza kuwa ndiyo sababu ya kichwa kuuma. Kichwa chauma, anameza. Dawa yaisha mwilini, kichwa charudi.

Hata hivyo daftari halitoi hukumu. Lilimwonyesha daktari pa kutazama tu. Alipima damu kuona kama imepungua, na choo ili kutafuta kijidudu cha tumboni kiletacho vidonda. Akamwamuru aache diklofenaki, akampa omeprazoli ya kupunguza asidi. Alimwonya pia kwamba kichwa chaweza kuzidi siku za kwanza, asirudie vidonge, na aendelee kuandika. Mwezi wa pili kichwa kiliuma siku 6, na tumbo siku 1. Bila daftari la pili, asingejua kama dawa imefaa au la.

Sasa sikilizeni vizuri. Yako maumivu yasiyongoja daftari. Ukitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami. Tumbo likikakamaa kama ubao. Kichwa kikipasuka kwa ghafla kuliko ulivyowahi kuona. Shingo ikikaza pamoja na homa. Mkono na mguu wa upande mmoja vikilegea: nenda hospitali saa hiyo hiyo. Na katika bonde hili, kichwa kikija na homa, pima malaria siku hiyo hiyo.

Kwa kazi ya nyumbani, chukueni daftari, pigeni mistari ya mambo yale sita, na mwandike vidonge vyote, hata vile vya dukani ambavyo mtu huona haya kuvitaja. Hivyo ndivyo daktari huvitafuta kwanza.