Kabla Hujavunja Bima ya Maisha



Tuchukue mfano wa mwalimu wa skuli, kisiwani Kojani. Ndugu yake amepata boti, kilichokosekana ni mashine. Mwalimu anaangalia karatasi yake ya mshahara, anaona makato ya shilingi 50,000 ya bima ya maisha, na anakumbuka kuwa yamekwenda miaka 8. Anapiga hesabu: shilingi 4,800,000. Anaazimia kuivunja bima ili mashine inunuliwe.

Fedha hizo hatozikuta zote, wala hilo si lazima liwe wizi. Sehemu ya kila mchango ililipia kinga: lau angefariki mwaka wa pili, familia yake ingelipwa kiwango kizima cha bima. Sehemu nyingine ilikwenda kwa wakala na gharama za kampuni, na gharama hizo huwa nzito zaidi miaka ya mwanzo. Ndiyo maana mikataba mingi haimrejeshei kitu anayevunja kabla ya miaka 2 au 3. Na bima ya muda maalumu isiyo na akiba hairejeshi chochote, hata ukiilipia miaka 15.

Tuseme bima ya mwalimu wetu ni ya miaka 20, na kiwango chake ni shilingi milioni 10. Miezi yote ni 240, naye amelipa 96. Kampuni huchukua milioni 10, ikazigawa kwa 240 na kuzidisha kwa 96. Inapata milioni 4. Hicho ni kiwango ambacho bima ingebaki nacho kama angeacha kuchangia leo na kungoja miaka 20 itimie. Akitaka fedha sasa hivi, milioni 4 hizo hupunguzwa tena, kwa jedwali la mkataba wake. Jedwali likisema nusu, anapokea milioni 2, pamoja na sehemu ya faida iliyokwisha kutangazwa, kama ipo.

Kwa hiyo barua yake ya kwanza kwa kampuni isiwe ya kuvunja. Iwe ya kuuliza. Aombe kwa maandishi: nikivunja leo napata ngapi? Nikiacha kuchangia bila ya kuvunja, nitalipwa ngapi mwisho wa mkataba? Na nikikopa kwa dhamana ya bima hii, napewa ngapi na kwa masharti gani? Mkopo wa namna hiyo hutozwa riba, na najua kwa wengi wetu hapa mlango huo umefungwa. Lakini ile njia ya pili, ya kuiacha bima isimame bila michango, haina mkopo ndani yake, na mawakala ni nadra kuitaja. Kwangu mimi ndiyo ya kufikiriwa mwanzo.

Aombe pia taarifa ya michango iliyopokewa. Hapa ndipo watu wanapoumia. Mshahara umekatwa miezi 96, kampuni inaona 89, kwa sababu makato ya miezi kadhaa hayakufika au yaliandikwa kwa jina jingine. Karatasi za mshahara ndizo ushahidi, basi zisitupwe.

Akishaamua, kuvuka maji na kwenda hadi Chake Chake kuwe na maana. Achukue hati halisi ya bima, kitambulisho, na namba ya akaunti iliyo kwa jina lake. Hati ikipotea, atatakiwa ripoti ya polisi na hati ya kiapo. Aangalie na majina: bima imeandikwa Hamad, kitambulisho kinasema Hamadi, na kwa herufi moja tu faili hulala mezani. Hilo hurekebishwa kwa kiapo kabla ya safari.

Kampuni itampa fomu ya kukubali malipo. Asiisaini kama kiasi hakijajazwa, maana saini hiyo inasema hana dai tena. Na siku hiyo hiyo apeleke nakala kwa mwajiri ili makato yasimamishwe. Bima inaweza kuvunjwa na makato yakaendelea.

Ambaye bima yake imeiva hupeleka karatasi hizo hizo, lakini yeye hapunguziwi kwa kuvunja. Hulipwa kiwango kizima na faida yake, likitolewa deni kama alikopa. Tatizo lake ni jingine. Barua ya kuiva hutumwa kwa anuani na namba ya simu za zamani, naye yuko dago Tanga au Mombasa. Tarehe ya kuiva imeandikwa kwenye hati. Mkewe au mtoto wake mkubwa aijue.

Kampuni ikikaa kimya, lalamiko lipelekwe kwake kwa maandishi, na nakala yenye mhuri wa kupokelewa ibaki nyumbani. Kwa nakala hiyo ndipo mtu huenda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na swali la kwanza atakaloulizwa huko ni kampuni ilijibu nini.