Baada ya Diploma ya Serikali: tuhesabu kwanza

Tulikaa na kijana mwenye asilimia 54: hesabu nzuri, Kifaransa chini. Baba alitaka universite tu. Tukaandika karo ya miaka yote, si ya mwaka wa kwanza peke yake. Hapo ndipo wengi wanaachia katikati.

Zamani gradua ilikuwa miaka 3, lisansi 2 zaidi. Tangu mageuzi ya LMD, miaka 3 inatoa lisansi, universite na taasisi ya juu sawasawa. Tofauti ni kazi inayofuata, kama ualimu. INPP inafundisha umeme kwa miezi.

Baba akauliza kama diploma itapotea. Hapana, inangoja. Kijana akachagua umeme.