Kura ya Mwenye Hisa Chache
(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Olmotonyi)



Leo tuzungumze juu ya karatasi moja. Baadhi yetu hapa tuna hisa chache za Benki ya CRDB. Wengine tulizinunua mwaka 2009, hisa moja ilipouzwa shilingi 150. Wengine tumeachiwa na wazee. Kila mwaka inakuja habari ya Mkutano Mkuu wa Wanahisa, pamoja na fomu ya uwakilishi. Wengi tunaikunja na kuitia sandukuni. Je, tunapoteza nini?

Mkutano wa Mei 2024 ulifanyika hapo Arusha mjini, kwenye jumba la AICC. Wanahisa walipitisha gawio la shilingi 50 kwa kila hisa. Basi mama mwenye hisa 400 alistahili shilingi 20,000 kabla ya kodi. Lakini tuelewe jambo moja. Kiasi cha gawio kinapendekezwa na bodi ya wakurugenzi. Mkutano unaweza kukikubali au kukipunguza, lakini hauwezi kukiongeza. Ukisimama na kupiga kelele, "Tuongezeeni!", utasikilizwa, lakini kiasi hakitabadilika siku hiyo. Mwenye kutaka gawio lingine inafaa aangalie ni nani anakaa kwenye bodi.

Na bodi inachaguliwaje? Kwanza tutazame kura zenyewe. Kuna kura ya mikono, ambapo kila mtu aliyehudhuria ana kura moja. Na kuna kura ya hisa, ambapo kila hisa ni kura moja. Tuseme watu 200 wenye hisa 400 kila mmoja wamenyoosha mikono kukataa jambo, na shirika moja lenye hisa milioni 100 limekubali. Kwa mikono, wanyonge wameshinda 200 kwa 1. Lakini shirika likidai kura ya hisa, wale 200 wana kura 80,000 tu. Wameshindwa vibaya. Hisa zote za CRDB ni zaidi ya bilioni 2.6, kwa hiyo wakubwa hawashindwi kwa hesabu hiyo.

Lakini iko nafasi moja ambayo wengi hawaijui. Katika benki hiyo wanahisa wamegawanywa kwa mafungu wakati wa kuchagua wakurugenzi. Wenye hisa chini ya asilimia 1 ya hisa zote wana wakurugenzi wao, ambao wanachaguliwa na fungu hilo. Hapo shirika kubwa halipigi kura. Wanashindana wadogo kwa wadogo, na karatasi zilizolala sandukuni ndizo zingeweza kumwingiza mtu au kumwacha nje.

Sasa kama masika yamekushika shambani na huwezi kwenda, mtume mwakilishi. Kwa sheria yetu ya makampuni si lazima awe mwanahisa. Anaweza kuwa mwanao au jirani. Fomu inajazwa hivi. Andika jina lako kama lilivyo kwenye daftari la wanahisa. Andika namba yako ya hisa na jina la mwakilishi. Kisha weka alama kwenye kila jambo, unakubali au unakataa. Mwisho tia saini na tarehe.

Makosa yanayoharibu kura ni matatu. La kwanza ni kuchelewa. Kwa kawaida fomu inatakiwa ifike saa 48 kabla ya mkutano. Kama mkutano ni Jumamosi saa 3 asubuhi, fomu iwe imefika Alhamisi saa 3 asubuhi. Kumpa mtu aende nayo mlangoni siku ile ile ni kazi bure. La pili ni jina au saini isiyolingana na daftari. Marehemu baba hawezi kutia saini, kwa hiyo hisa za urithi zihamishwe kwanza.

La tatu ndilo kubwa, yaani kutia saini fomu tupu. Nafasi ya jina ikiachwa wazi, mara nyingi kura inakwenda kwa mwenyekiti wa mkutano. Nafasi za alama zikiachwa wazi, mwakilishi anaamua apendavyo. Akija mtu kijijini kukusanya saini na kusema, "Weka tu hapa, mengine tutajaza," mjue anakusanya kura zenu.

Tukumbuke pia kwamba mwakilishi aliyebeba fomu 30 bado ana mkono mmoja. Kwenye kampuni nyingine mkono wake hauhesabiwi kabisa. Fomu zake zinapata uzito kwenye kura ya hisa. Kwa hiyo mwulizeni mapema katibu wa kampuni kura itapigwaje.

Tangazo la mkutano linatakiwa litoke siku 21 kabla. Likitoka, tukutane hapa na fomu zetu. Tusome majina ya wagombea wa fungu letu, kisha kila mtu ajaze yake kwa mkono wake. Kusoma tumekwisha jua.