Sekunde 90 mbele ya baraza la shule

(Muziki wa kufungua, sekunde 10, kisha unashuka.)

Leo nazungumza na wewe mwanafunzi ambaye klabu yenu inataka kuomba pesa kwa baraza la shule. Mmepewa dakika moja na nusu. Utasema nini?

Nitaanza na aibu yangu. Nilipokuwa sekondari, wenzangu walinituma kuombea klabu yetu taa za kusomea. Nilisimama nikaeleza kwamba elimu ni ufunguo wa maisha, kwamba vijana ni taifa la kesho, kwamba sisi wakimbizi tumeteseka. Mzazi mmoja akainua mkono: "Mwanangu, taa ni ngapi, na ni bei gani?" Sikujua. Muda ukaisha. Mwaka ule tulisoma bila taa.

Baadaye nilielewa kosa langu. Watu wa baraza walijua vizuri kuliko mimi kwamba elimu ni muhimu. Shida yao ni kwamba pesa za shule ni kidogo na zinagombaniwa: chaki, madawati yaliyovunjika, mlango usiofungika. Kabla ya kukupa, wanataka kujua mambo manne: unataka kiasi gani, kitanunua nini, nani atakitunza, na wao wataona nini baadaye.

Sasa sikiliza ombi lililo tayari. Bei ni za mfano tu. Zenu mtaziuliza sokoni wiki ileile ya kuomba, kwa wauzaji watatu, kwa sababu bei zinapanda haraka.

(Sauti ya pili, polepole.)

"Ndugu prefe, wazazi wetu, walimu wetu, tunawasalimu. Mimi ni katibu wa klabu ya masomo ya jioni. Tunaomba faranga 200,000 ili tununue taa nne za jua.

Tuko 20, na 11 kati yetu ni finalisti. Wiki iliyopita tuliandika saa ambayo kila mmoja anamaliza kazi za nyumbani. Kati ya wasichana tisa, wanane wanamaliza giza limeshaingia. Hawana saa nyingine ya kufungua daftari.

Taa moja inatosha meza ya watu watano. Taa nne ni 180,000. Sanduku la mbao ni 40,000, na kufuli mbili ni 20,000. Jumla ni 240,000. Sisi wenyewe tumeshachanga 40,000, na mwalimu wetu anazishika.

Taa zitalala ndani ya sanduku, ofisini. Ufunguo mmoja utakuwa kwetu, wa pili kwa mlinzi wa zamu. Kila jioni tutaweka sahihi katika daftari.

Mwisho wa mwezi tutawaletea risiti, daftari, na taa zote nne hapa mezani, mzihesabu.

Kama pesa ni kidogo, 100,000 zitatupa taa mbili, na tutasoma kwa zamu. Asanteni."

(Kimya, sekunde 2.)

Umeona kiasi kilitajwa wapi? Mwanzoni kabisa, mara tu baada ya salamu. Wengi tunaficha pesa mwishoni kwa haya. Lakini msikilizaji asiyejua kiasi anakaa akijiuliza, na maneno yako mengine yanampita. Akishajua ni 200,000, kila sentensi inayofuata anaipima nayo.

Sababu pia haikuwa ya jumla. Klabu hii haikusema "wasichana wana kazi nyingi". Waliandika saa, wakahesabu, wakapata wanane kati ya tisa. Kazi hiyo inahitaji karatasi moja na wiki moja. Usibuni hesabu. Katika baraza kuna mama ambaye binti yake yumo klabuni, na atajua.

Halafu jambo la kutunza. Wengi mnajua vikundi vya kuweka na kukopa. Njia hiyo ilianza Nijeri mwaka 1991 na shirika la CARE, na sanduku lake lina kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Kwa pesa ni vizuri, kwa sababu sanduku linafunguliwa siku ya mkutano tu. Lakini taa zinahitajika kila jioni. Ukiweka kufuli tatu, mwenye ufunguo mmoja akishikwa na malaria, wote hamsomi. Ndiyo maana hapa kufuli ni mbili, na ufunguo mmoja uko kwa mlinzi wa zamu, ambaye kila usiku lazima awepo.

Jambo la mwisho ni ile nusu. Piga hesabu: 100,000 za baraza na 40,000 zenu ni 140,000. Taa mbili ni 90,000, sanduku 40,000, kufuli moja 10,000. Pesa zinaisha sawasawa, na kufuli ya pili mtachanga baadaye. Ukija na ombi moja tu, baraza lenye pesa kidogo litasema hapana. Ukiwa na nusu iliyopigiwa hesabu, wanaweza kusema ndiyo siku hiyohiyo.

Sasa muda. Mimi nasoma redioni, na dakika moja na nusu inanitosha maneno kama 170 hivi ya Kiswahili. Lakini namba zinadanganya. "240,000" kwenye karatasi ni kitu kimoja, mdomoni ni "elfu mia mbili na arobaini", maneno matano. Kwa hiyo usihesabu maneno kwa macho. Soma kwa sauti, umesimama, mtu akishika saa ya simu. Kama unafika sekunde 90 kamili nyumbani, punguza mpaka 80, maana barazani utakohoa, na mtu atachelewa kukaa. Ukilazimika kukata, kata salamu ndefu na mateso. Usikate bei wala ufunguo.

Baada ya hapo yatakuja maswali, na hapo ndipo wengi wanaanguka. Kwa taa, swali la kwanza litakuwa: "Mtazitumia kuchaji simu?" Jibuni ukweli. Simu inakula umeme wa taa, na taa itazimika kabla ya somo kuisha. Basi amueni kabla, andikeni katika daftari: hakuna simu. Swali la pili: "Nani atazianika juani?" Taa iliyosahauliwa ndani mchana haitawaka usiku. Mtajeni mtu kwa jina, na siku yake ya zamu. Usipojua jibu, sema "tutawaletea kesho", kisha ulete kweli.

Wakikataa, waombe wakwambie ni sehemu gani iliyowasumbua: bei, utunzaji, au wakati. Iandike palepale. Ombi la muhula ujao litaanzia hapo.

Ewe katibu wa klabu, kesho nenda sokoni na kalamu, uulize bei. Mimi sikwenda, na unajua tulisoma vipi.

(Muziki unapanda. Mwisho.)