Si Kila Kitu Hununuliwa kwa Njia Moja

Ndugu wanakikundi, tukikaa kupanga manunuzi, mara nyingi tunauliza bei tu. Lakini maswali ni mawili: kitu hiki kinakula pesa ngapi kwa mwaka? Na kikikosekana, tutakipata wapi, baada ya siku ngapi? Bwana Peter Kraljic aliyaunganisha mwaka 1983, yakatoa mafungu manne.

Tuchukue mfano wa kisima chenye jenereta hapa Isiolo. Dizeli inakula pesa nyingi, ila wauzaji mjini ni wengi. Hapo tulinganishe bei, tununue pamoja na vikundi jirani. Vitabu vya risiti ni pesa kidogo, tena viko madukani. Tununue vya mwaka mzima mara moja, tusiviitie mkutano. Pampu yenyewe ni ghali, na mafundi wake ni wachache. Tuchague mmoja mwaminifu, tuandikiane mkataba wa matengenezo.

Fungu la nne ndilo linalotuangusha. Tuseme swichi ya pampu ni shilingi 4,000 tu, lakini inaagizwa Nairobi. Ikiungua, mifugo inakaa siku tatu bila maji. Hapa tusibishanie bei: tununue mbili, moja ikae stoo. Siku ile inapofungwa, nyingine iagizwe.

Na mafungu haya huhama. Dizeli ikibaki kwa muuzaji mmoja, hatuna tena nguvu ya kulinganisha bei. Inafaa tuwe na akiba na mapatano naye. Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya bajeti, tuyaulize upya maswali yale mawili.